Umetaboli wako haujafa, na chai haitaufufua

Swali: Daktari, nina miaka 41. Nilikuwa na kilo 96, nikajibana kwa miezi sita nikafika 80. Sasa imepita miezi kumi na mizani inasoma 88, na naapa sijarudia kula kama zamani. Rafiki yangu anasema dayati imeua umetaboli wangu, ninywe chai ya siku 21 ya kusafisha mwili ili uanze upya. Ni kweli? Nifanyeje zisirudi zote?

Jibu: Usiinunue, dada yangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu barua za namna hii hunifikia kila mara, na nyingi huja wakati pesa imeshatoka mfukoni na mwandishi anataka tu nimwambie kwa nini haikufanya kazi.

Habari ya umetaboli kufa ina chembe ya ukweli, na wauzaji wanaishi kwa chembe hiyo. Mwili wa kilo 80 unatumia nishati kidogo kuliko wa kilo 96 kwa sababu ni mdogo. Hakuna ajabu hapo. Ila kuna nyongeza. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walipima watu waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao, wakakuta wanatumia nishati pungufu hata kuliko inavyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa ule mpya. Mwili unabana matumizi. Haujaharibika wala haujafa. Unajilinda dhidi ya kitu unachokiona kama njaa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo muuzaji wa chai hatakusimulia. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake waliwapima tena washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani, miaka sita baada ya shindano kwisha. Walikuwa wamepoteza kilo 58 kwa wastani, na 41 kati ya hizo zilikuwa zimesharudi. Miili yao ikipumzika ilitumia karibu kalori 500 kwa siku chini ya matarajio. Magazeti yakapiga kelele: dayati inaua umetaboli! Lakini ukiyasoma matokeo yenyewe unakuta jambo la kinyume. Walionenepa tena zaidi hawakuwa wale ambao umetaboli wao ulipungua zaidi. Waliobaki wembamba ndio waliokuwa na upungufu mkubwa zaidi. Kama umetaboli ndio ungekuwa mkosaji mkuu, hao ndio wangerudia unene wa kwanza.

Mkosaji mkuu ni hamu ya kula. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha kazi yao juu ya watu 50 wenye uzito uliozidi waliowekwa kwenye chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mzima baada ya hapo, leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha, ilikuwa bado iko chini. Grelini, inayoamsha njaa, ilikuwa bado juu. Na watu wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla hawajaanza. Hall na wenzake baadaye walikadiria ukubwa wa mvuto huo: kwa kila kilo unayopunguza, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori kati ya 20 na 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa takriban kalori 100 kwa siku. Njaa inakuvuta zaidi ya mara tatu kuliko umetaboli unavyobana. Basi anayekuuzia dawa ya kuamsha umetaboli, hata kama ingefanya kazi, anatibu upande ulio dhaifu wa tatizo.

Tuje kwenye hesabu yako. Kilo 8 za mafuta ni takriban kalori 61,600. Zigawe kwa siku 300 hivi, unapata kama kalori 200 kwa siku. Ni makisio ya juujuu, kwa sababu sehemu ya uzito uliorudi ni maji, na mwili unapokua matumizi yake nayo hupanda. Lakini tazama udogo wake: vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia vinapita kiasi hicho. Kwa hiyo nakuamini unaposema hujarudia kula kama zamani. Hukuhitaji kurudia. Ukila kama zamani, mwili wa kilo 80 unaongezeka haraka. Ukila kidogo tu zaidi ya unachohitaji sasa, unaongezeka polepole, nawe huoni mahali ulipokosea.

Wala jicho halioni. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake walichukua watu walioshikilia kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Kwa kutumia maji yenye alama maalumu, njia inayopima nishati mtu anayotumia kweli, wakagundua watu hao walikula karibu mara mbili ya walichoandika, na waliongeza chumvi kwa nusu nzima kwenye mazoezi waliyoyataja. Umetaboli wao ulikuwa wa kawaida kabisa. Hawakuwa waongo. Binadamu ni kipimo kibovu cha sahani yake mwenyewe, mimi nikiwemo.

Kosa ninalolitamani sana liondoke vichwani mwa watu ni kudhani kwamba kupunguza uzito kuna mwisho: unajibana, unafika, unapumzika. Hata dawa zenye nguvu zinakanusha dhana hiyo. Watu waliochomwa sindano za semaglutidi wakapungua vizuri, kisha wakaacha, walirudisha kama theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Dawa ilikuwa imeshikilia hamu ya kula. Ilipoondoka, hamu ikarudi kazini. Dayati ni vivyo hivyo. Kama kitu kilichokushusha hakipo tena, na hakuna kilichochukua nafasi yake, uzito utapanda.

Kitu gani kichukue nafasi hiyo? Ushahidi bora ninaoujua unahusu mizani, ila mizani yenye mpango. Rena Wing na wenzake mwaka 2006 walichukua watu 314 waliokuwa wamepungua kilo 19 kwa wastani, wakawafundisha baadhi yao kujipima kila siku na kugawa uzito katika kanda tatu za rangi. Kwako wewe, kama ungeanza siku ile ulipofika 80, ingekuwa hivi. Hadi kilo 81.4 uko kijani: endelea. Kutoka hapo hadi 82.2 ni njano: tafuta kilichobadilika wiki hii, rekebisha. Kufikia 82.3 ni nyekundu: unarudi mara moja kwenye ratiba kamili ya kupunguza, ileile iliyokushusha, mpaka uingie kijani tena. Katika miezi 18, walioonana na wafundishaji ana kwa ana walirudisha kilo 2.5 kwa wastani. Waliotumiwa vijarida tu, 4.9. Si muujiza, na karibu nusu ya wa kundi lile la kwanza bado walivuka mstari mwekundu. Lakini angalia safari yako: kama ungekuwa na mstari, ungeupita yapata mwezi wa tatu, ukiwa na kilo mbili na ushee za kushusha badala ya nane.

Mizani ya kila siku ina tabia yake. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au zaidi kwa maji peke yake: chumvi, hedhi, chakula cha wanga cha jana. Jipime asubuhi baada ya kwenda msalani, andika, na amua kwa wastani wa siku saba, si kwa namba ya leo. Na kama umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula kupita kiasi au la kula na kujitapisha, njia hii si yako. Zungumza kwanza na anayekutibu.

Jambo la pili ni kutembea, kwa wingi kuliko unavyoambiwa. Mazoezi hupunguza uzito kidogo mno, na watu wakiona hivyo huyaacha. Kazi yake kubwa inakuja baadaye. Kwa wale washindani wa televisheni, waliofanikiwa kubaki chini miaka sita ndio walioongeza zaidi mwendo wa mwili, kiasi cha dakika 80 za shughuli za wastani kwa siku. Dakika 150 kwa wiki zinazotajwa kila mahali zinafaa kwa afya ya moyo. Kuzuia uzito usirudi kwa kawaida hudai 200 hadi 300. Panda kidogo kidogo kutoka ulipo, na magoti yakilalamika tumia baiskeli au ogelea.

Na uwe na mtu wa kumpa hesabu. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa 2008, mazungumzo mafupi ya kila mwezi na mshauri yalipunguza kilo zilizorudi kwa moja na nusu hivi ndani ya miezi 30. Ni kidogo, lakini ni ya kweli.

Kwa sasa usikimbilie 80. Weka mstari wako kwenye 88, uhakikishe hauvuki kwa miezi miwili, ndipo uanze kushuka tena. Anayejua kusimama kwanza hapotezi tena alichokipata.

Narudi kwenye chai, maana wengine wanaosoma hapa wameshainunua. Nyingi ya hizo zina sanamaki, ambayo ni dawa inayokufanya uharishe. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na kinyesi, mizani inashuka kilo moja au mbili, unashangilia. Ukinywa maji zinarudi. Unachopoteza kweli ni potasiamu, na moyo hauvumilii upungufu wake. Mbaya zaidi ni vidonge vinavyoitwa vya mitishamba: mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta ndani yake sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Pakiti haisemi. Hiyo ndiyo sababu "mitishamba" fulani inaua njaa siku ya kwanza kabisa.

Ukiwa unatumia kitu cha namna hiyo na moyo unadunda ovyo, misuli inalegea, au unazimia, acha leo na uende hospitali. Beba na pakiti yake, hata ikiwa tupu.