Kabla ya ada, uliza mtoto atalala wapi

*Swali la wiki: Chuo cha umma cha ada nafuu na chuo binafsi cha ada kubwa, kipi kinammaliza mzazi zaidi?*

Mimi ni mzazi wa Mwanza. Nitatoa hesabu ya familia ya hapa inayochagua kati ya chuo cha umma Dar es Salaam na chuo binafsi hapahapa mjini. Viwango ni vya mfano, kila mtu aweke vyake.

Dar, ada tuseme ni 1,300,000 kwa mwaka. Chumba cha kuchangia ni 50,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi inafika 500,000, tena wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Chakula cha 5,000 kwa siku, siku 240, ni 1,200,000. Daladala na mabasi ya kwenda na kurudi likizo, weka 450,000. Jumla 3,450,000, na ada haijafika hata nusu yake.

Chuo binafsi, ada 2,000,000. Mtoto analala nyumbani, nauli na chakula cha mchana ni 4,000 kwa siku 170 za masomo, yaani 680,000. Ongeza michango ya 200,000 kila muhula. Jumla 3,080,000, ukiacha ugali wa jioni nyumbani. Ada kubwa, gharama ndogo! Lakini mtoto wa Dar akipata kitanda cha hosteli ya chuo, pengo hilo karibu lote linafutika. Vitanda havitoshi wote, kwa hiyo usipige hesabu ukitegemea hosteli kabla hajapangiwa.

Michango ndiyo inayonikera. Kuna inayojulikana na iko pande zote mbili: 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na bima ya NHIF ya 50,400 kwa asiye na bima nyingine. Mingine imetawanywa kwenye karatasi ya ada: usajili, mitihani, maktaba, kompyuta, maendeleo. Soma kama imeandikwa "kwa mwaka" au "kwa muhula". Mchango wa mitihani wa 60,000 kwa muhula ni 360,000 kwa shahada ya miaka mitatu. Kisha ulizia gharama ya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya kurudia somo, na ya mafunzo kwa vitendo. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, wao wana risiti.

Mkopo nao usikupe usingizi. Bodi ya Mikopo inaweza kumpa mwanafunzi sehemu tu ya ada. Kwenye ada ya 2,000,000, akipata 1,000,000, iliyobaki ni yako, na vyuo vingi havimruhusu anayedaiwa kuingia chumba cha mtihani. Pesa ya kujikimu hutoka kwa awamu na mara nyingine huchelewa. Kwa mtoto aliyepanga mbali, mzazi aweke akiba ya chakula cha mwezi mzima kabla hajapanda basi.