Maswali na majibu: mdhamini anataka kujua nani alifika kwenye tangazo lake

"Kaka, video yangu ya mafundi boti wa Pangani ina watazamaji elfu 14, nikimtumia mdhamini skrinshoti ya hiyo namba si inatosha?" (Ngamiani, Tanga)

Haitoshi, na hiyo elfu 14 sio watu, ni mara ambazo video imechezwa, jamani hili nalirudia kila siku. Watu wako kwenye Unique viewers, tabu ya Audience ndani ya YouTube Studio. Na usije ukajumlisha Unique viewers za video 4 ukaziita watu uliowafikia, maana aliyeangalia zote 4 unamhesabu mara 4.

"Kaniuliza wangapi wamemaliza. Average percentage viewed inasoma 50%, niandike nusu wamemaliza?" (Chumbageni)

Usiandike kabisa! Huo ni wastani. Watu 10 wote wakitoka katikati ya video wastani unasoma 50% na aliyemaliza hayupo hata mmoja. Fungua grafu ya retention, weka kidole mwisho wa video ndio utaona waliobaki, halafu rudi pale tangazo linapoanza, hapo ndipo pesa yake ilipo.

Tuchukue hiyo video ya Pangani, tuseme mdhamini ni duka la injini za boti na umemtaja dakika ya 6:40. Grafu hapo inasoma 30%. Kwenye elfu 14 ni kama mara 4,200 ndio zimefika kwake, na hiyo ndiyo namba ya kuweka juu kabisa ya ripoti. Iite makadirio, kwa sababu mtu akirudisha nyuma grafu inamhesabu tena. Sasa angalia sekunde zinazofuata, kama kufika 7:25 imeshuka mpaka 18% basi watu wamekimbia tangazo lenyewe, mwambie hivyo hivyo na umwahidi safari ijayo unamtaja dakika ya 2 na kwa ufupi, sababu ukificha atakuja kujua dukani kwake kwamba hakuna aliyekuja.

"Nusu ya wanaoniangalia wako nje ya nchi, hiyo sehemu niitoe?" (Bagamoyo)

Usiitoe. Mwenye duka anauza kwa mvuvi wa hapa, sio kwa mtu aliyeko Muscat, kwa hiyo chuja kwa Tanzania kwenye Advanced mode umpe namba za hao peke yao. Umri na jinsia nazo weka, ila video yenye watazamaji wachache YouTube inaweza isionyeshe kitu, usijaze kwa kukisia.

"Shorts yangu namba zimepanda ghafla, niweke hizo?"

Weka Engaged views, yaani za waliobaki kuangalia. Tangu 31 Machi 2025 Views za Shorts zinahesabiwa video ikianza tu kucheza, hata aliyepitisha kidole yumo.