Utoro wa kwenye rejista usiuamini

"Naandika proposo, kwa nini wasichana vijijini wanaacha sekondari. Data nichukue wapi?"

Mdogo wangu, usiishie shuleni. Mimi nilikuta rejista imemwandikia binti mmoja "utoro", nikamfuata kwao nikamkuta anatwanga, mtoto mgongoni, kumbe aliacha kwanza sababu ya umbali, mimba ikaja baadaye. Kwa hiyo chukua orodha ya walioingia fomu wani, linganisha na waliopo fomu foo, ondoa waliohama, waliokosekana watafute kupitia mwenyekiti wa kitongoji, uulize kipi kilitangulia. Tanzania tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi, muulize nini kinamzuia. Chini ya miaka 18 pata ridhaa ya mzazi na yake mwenyewe, akigusia ukatili simamisha mahojiano, umuone afisa ustawi wa jamii.