Miguu inajichanganya kati ya kutembea na kukimbia

"Mhusika wangu akitembea poa, akikimbia poa, ila katikati miguu inaburuzika. Natumia blend tree ya Unity."

Mkuu, hapo klipu hazijalingana hatua. Unity inazichanganya kwa sehemu ya mzunguko, sio sekunde, kwa hiyo kama kutembea kunaanza na mguu wa kushoto na kukimbia kunaanza na wa kulia, zikifika nusu kwa nusu miguu inavutana. Fungua klipu ya kukimbia, weka Cycle Offset 0.5, bonyeza Apply, halafu hakikisha mguu unaokanyaga mwanzoni ni uleule.

Aina ya blend tree weka 2D Freeform Directional, Simple haifai ukiwa na kutembea na kukimbia upande mmoja. Spidi ikiruka ghafla, ilainishe hivi, v ikiwa ni velocity ya mhusika kwa mwelekeo wake mwenyewe na VelZ ni parameter ya blend tree yako:

```
anim.SetFloat("VelZ", v.z, 0.1f, Time.deltaTime);
```

VelX pia hivyo hivyo. Hiyo 0.1f usiipandishe sana, atasimama huku miguu bado inatembea.