Kutoka slaidi za programu hadi ratiba ya mshereheshaji

"Wakuu, waandaaji wa mkutano wamenitumia slaidi 14 za programu, na mimi ndiye mshereheshaji. Naanzaje kutengeneza ratiba yangu ya mkononi?"

Ndugu yangu, slaidi hizo zimeandikwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo zinataja matukio bila kusema nini kinafanyika kati ya tukio moja na jingine, na hapo ndipo mshereheshaji hukwama. Mimi huanza na hesabu ya dakika kabla sijaandika neno lolote la kusema.

Katika mkutano mmoja wa wadau, slaidi ya ufunguzi ilitenga saa 3:00 hadi 3:45 asubuhi kwa Wimbo wa Taifa, utambulisho wa washiriki, neno la ukaribisho, salamu tatu na hotuba ya mgeni rasmi. Nilipomuuliza kila mhusika muda wake, nilipata dakika 2, 8, 5, 15 na 20, jumla 50. Kisha nikaweka dakika moja kila tunapotoka kipengele kimoja kwenda kingine, kwa sababu mtu huinuka meza kuu, husalimiana na kurekebisha kipaza sauti. Mapengo hayo yalikuwa sita, zikawa dakika 56 ndani ya nafasi ya 45. Mratibu akakubali utambulisho ufanyike kabla mgeni rasmi hajaingia, na salamu za mdau mmoja zihamie kipindi cha mchana. Zikabaki dakika 41, na nikapata akiba ya dakika nne.

Baada ya hapo ndipo nilipochora jedwali: dakika, tukio, mhusika na mahali alipo, sentensi yangu ya kumkaribisha, na ishara kwa fundi mitambo pamoja na namba ya slaidi. Safu ya mahali alipo mhusika nilijifunza kwa uchungu. Siku moja niliita burudani kama slaidi ilivyoelekeza, kumbe kikundi cha ngoma kilikuwa bado kinavaa nyuma ya jengo, na ukumbi mzima ukakaa kimya kwa dakika tatu. Tangu hapo kila kipengele kina mtu anayekwenda kumtayarisha mhusika dakika kumi kabla, na jina lake limo ndani ya jedwali. Majina na vyeo nayaandika kwa kirefu, jinsi yatakavyotamkwa, baada ya kuyathibitisha na afisa itifaki.

Kuhusu saa, usiandike saa halisi kuanzia mgeni rasmi anapoingia. Andika "dakika 0" kwa wakati anapoketi, halafu 2, 8 na kuendelea, ili akichelewa dakika 25 usilazimike kufuta ukurasa mzima. Kandokando, weka alama kwenye vipengele ambavyo mratibu ameridhia vifupishwe au viondolewe, kwa mpangilio wa kipi kitangulie. Ridhaa hiyo ipate usiku wa kuamkia tukio, kwa sababu asubuhi mratibu atakuwa getini akipokea wageni na hutampata.