Tulipoanza kupima kanga zenye damu: namna ya kutumia mafungu matatu ya Donabedian hospitali ya wilaya

Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia kwenye timu ya ubora ya hospitali yetu ya wilaya. Ushauri ninaoutoa hapa ni kwa wenzangu walioteuliwa kwenye timu kama hiyo, wakakabidhiwa faili lenye maswali mia na zaidi ya kukagua, na hawajui waanzie wapi.

Kwa muda mrefu tulikagua vitu tunavyoweza kuhesabu. Vitanda vya leba viko vingapi, wakunga wangapi kwa zamu, jokofu lipo, mashine ya presha ipo, bango la utaratibu wa kuzuia damu limebandikwa ukutani. Tuliweka tiki, tukapata alama nzuri. Kisha ndani ya mwezi mmoja tukapoteza akina mama wawili, wote kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, katika wodi ile ile yenye tiki nyingi.

Wakati wa kikao cha kujadili vifo hivyo, daktari mmoja kijana alichora ubaoni visanduku vitatu akaviunganisha kwa mishale. Alikuwa anatueleza mpango wa Avedis Donabedian, daktari wa asili ya Kiarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1919 na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Katika makala yake ya mwaka 1966 alisema ubora wa tiba unaweza kutazamwa kupitia mafungu matatu. Sisi tuliyapa majina yetu ya kazini: vilivyopo, yaani watu, majengo, dawa, vifaa na utaratibu wa uongozi, vinavyofanyika, yaani kile mhudumu na mgonjwa wanachofanya kweli, na vinavyopatikana, yaani hali ya mgonjwa mwishoni.

Nilichojifunza ni kwamba kazi yote iko kwenye ile mishale, si kwenye visanduku. Jokofu halimwokoi mtu. Jokofu linafanya sindano iwe na nguvu, sindano yenye nguvu inafanya mji wa mimba ukaze, mji ukikaza damu inapungua. Mshale mmoja ukikatika, vilivyo nyuma yake vyote ni mapambo. Ndiyo maana nashauri usianze na orodha ya vitu. Anza na mgonjwa mmoja ambaye mambo yalimwendea vibaya, urudi nyuma ukifuata mishale.

Tulifanya hivyo kwa mama wa pili. Faili lake lilionyesha amejifungua saa 8:05 usiku, amechomwa oksitosini, ile sindano ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 saa 8:06, kondo la nyuma limetoka saa 8:15, damu iliyopotea mililita 200. Hadi hapo kila kitu ni safi. Saa 8:50 mama alisema anasikia baridi, akaambiwa ajifunike vizuri. Saa 9:10 presha ilikuwa 80 kwa 40. Daktari wa zamu alifika saa 9:20, na chupa ya kwanza ya damu ilitundikwa saa 10:25, kwa sababu ufunguo wa jokofu la damu ulikuwa na mtu wa maabara aliyekuwa nyumbani kwake.

Ukilisoma faili hilo haraka utasema tatizo ni ufunguo. Ufunguo ulikuwa tatizo kweli, na tuliurekebisha siku iyo hiyo kwa kuuweka chumba cha mapokezi ya dharura pamoja na daftari la kusaini. Lakini kati ya saa 8:15 na saa 9:10 kuna karibu saa nzima ambayo mama alikuwa anavuja na hakuna aliyejua. Kwa nini hakujua? Jibu lilikuwa kwenye ile namba 200.

Tukatoa mafaili 40 ya akina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida katika miezi iliyotangulia. Katika mafaili 31 kati ya hayo, damu iliyopotea iliandikwa mililita 200. Mengine yaliandikwa 150 au 250. Wanawake 31 hawawezi kupoteza damu sawasawa namna hiyo. Hatukuwa tunapima, tulikuwa tunaandika namba inayotuliza. Nami nasema "tulikuwa" kwa sababu mwandiko kwenye baadhi ya mafaili hayo ni wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kukagua maandishi na kukagua kinachofanyika. Kitabu namba 12 cha MTUHA, kile cha kuandikia waliojifungua, kinakuonyesha kilichoandikwa. Kama unataka kujua kinachofanyika, simama leba usiku utazame, au tafuta kitu kisichoweza kuandikwa kwa mazoea. Sisi tulitafuta mizani. Hatukuwa na ile mifuko ya plastiki yenye mistari ya kupimia damu, kwa hiyo tuliomba mizani ya jikoni na tukaanza kupima kanga na pedi za mama. Unapima kanga ikiwa kavu, unaandika uzito. Ikishalowa unapima tena, unatoa tofauti. Gramu moja unaihesabu kama mililita moja. Ukijua kuna maji ya uzazi yaliyochanganyika, badilisha kanga mara tu mtoto anapotoka ili upime damu peke yake.

Wiki ya kwanza, mkunga mzoefu kuliko mimi alimtazama mama mmoja akakadiria mililita 250. Mizani ilisema 640. Mama alikuwa anaongea, anatabasamu, anamtazama mtoto. Presha ilikuwa bado nzuri. Tulimtibu saa ile ile, na kesho yake akaenda nyumbani kwa miguu yake. Yule mkunga aliniita pembeni akaniambia, "Dada, ni wangapi niliwaacha hivi?" Sikuwa na jibu la kumpa, tulikaa kimya wote wawili.

Jambo hili halikuwa la wodi yetu peke yake. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba pale wahudumu walipokuwa na mfuko wa kupimia na kutoa tiba zote kwa pamoja, waligundua takriban 93 kwa kila 100 ya akina mama waliokuwa wanatokwa damu kupita kiasi. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, waligunduliwa takriban 51. Karibu nusu walikuwa wanapita bila kuonekana.

Sasa kuhusu sindano yenyewe, maana hapa fungu la vilivyopo linadanganya sana. Kwenye ukaguzi, swali ni "je, oksitosini ipo?" Ilikuwepo. Lakini dawa hii hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na yetu ilikuwa ikitolewa asubuhi kutoka stoo na kuwekwa kwenye trei ya toroli karibu na dirisha, ikakaa hapo hadi zamu ya usiku. Umeme ukikatika, jenereta ilihudumia chumba cha upasuaji tu. Kipimajoto cha jokofu la wodi nilikikuta asubuhi moja kikisoma 13. Mama alichomwa ndani ya dakika moja kama utaratibu unavyotaka, ila hatukuwa na hakika alichomwa nini. Kwa hiyo badilisha swali lako. Usiulize kama dawa ipo, uliza jokofu limesoma nyuzi ngapi asubuhi na jioni kwa siku 30 zilizopita, na nani ameandika. Sisi tuliongeza kisanduku cha barafu kwenye toroli na tukamwomba mganga mfawidhi jokofu la leba liunganishwe kwenye laini ya jenereta.

Upande wa vinavyofanyika, punguza. Chagua vile tu ambavyo inajulikana kwamba vinabadilisha hali ya mgonjwa. Orodha yetu ya zamani ilikuwa na kipengele cha kukanda tumbo mfululizo kwa kila mama kama kinga, wakati Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo kwa mama aliyekwisha kuchomwa oksitosini. Linachoshauri ni kushika tumbo mara kwa mara kuona kama mji umekaza. Tulikuwa tunawapa wakunga alama kwa jambo lisilomsaidia mama. Tulibakiza manne: sindano ndani ya dakika moja, damu imepimwa kwa mizani, presha na mapigo vimeangaliwa kila dakika 15 katika saa mbili za kwanza, na aliyevuka mililita 500 ameanza tiba bila kusubiri daktari, ikiwemo traneksamiki asidi, dawa ya kusaidia damu isiendelee kutoka, gramu 1 ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Halafu jiandae kwa maswali, kwa sababu namba zitaharibika kabla ya kutengemaa. Mwaka kabla ya mizani tuliandika akina mama 41 waliotokwa damu kupita kiasi kati ya 2,900. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mizani tuliandika 58 kati ya 730, karibu 8 kwa kila 100. Kwenye kikao cha halmashauri tuliulizwa kwa nini wodi yetu imekuwa mbaya. Haikuwa imekuwa mbaya, ilikuwa imefumbua macho. Peleka namba hiyo ikiwa na mwenzake: kati ya wale 58, wangapi walifikia kuongezewa damu, wangapi walitolewa kizazi, wangapi walianza tiba ndani ya dakika 15. Hapo msikilizaji anaona mshale mzima.

Vifo peke yake usivitegemee kukuambia kama umefaulu. Hospitali yenye uzazi kama elfu tatu kwa mwaka na vifo vitano inaweza kupata viwili au vinane mwaka unaofuata bila chochote kubadilika, ni bahati tu. Tena hospitali ya wilaya inapokea rufaa. Mama aliyeletwa kutoka zahanati akiwa amekwisha kuishiwa damu njiani anaingia kwenye hesabu yako, ingawa dakika zilizomponza hazikuwa zako. Tenganisha waliojifungulia kwako na walioletwa, uchunguze kila kundi kwa njia yake. Hao wa pili watakupeleka kwenye gari la wagonjwa na kwenye jokofu la zahanati.

Bado kuna ile saa 8:50, mama aliposema anasikia baridi. Donabedian aliweka namna mhudumu anavyohusiana na mgonjwa ndani ya fungu la vinavyofanyika, sawa na sindano. Kwenye faili, maneno ya yule mama tuliyapata kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamu aliyaandika pembeni kwa penseli. Hakukuwa na mahali pake. Sasa kwenye karatasi yetu ya saa mbili za kwanza, chini ya presha na mapigo, tumechora mstari mmoja kwa kalamu: "Mama anasemaje?" Lazima ujazwe kila dakika 15, na likiandikwa neno baridi, kiu au kizunguzungu, kanga zinapimwa tena hapo hapo.