Usitaje bei kabla hujafungua katikati ya rundo

Kazi yangu ya kwanza kubwa ya kuingiza data ilikuwa fomu 1,200 zilizojazwa kwa mkono. Mteja alinitumia picha za kumi za mwanzo nizijaribu. Kila moja ilinichukua dakika moja na nusu, nikapiga hesabu nikapata saa 30, nikataja bei. Mzigo ulipofika wote, nikakuta zile kumi alizijaza mtu mwenye mwandiko wa kupendeza. Kuanzia ya mia mbili hivi kalamu ilishikwa na mwingine, herufi zimelaliana na majibu yamekimbilia pembezoni. Nilimaliza kwa saa 50, na malipo yakabaki yale yale ya saa 30.

Siku hizi sampuli nachagua mwenyewe. Naomba fomu zote nizione, kisha nachomoa 30: kumi mwanzoni, kumi katikati, kumi mwishoni. Naziingiza kwa mwendo wangu wa kawaida huku saa ikihesabu. Kwa kazi ile zingenichukua kama dakika 75, yaani dakika mbili na nusu kwa fomu, na ukweli wa saa 50 ungejitokeza kabla sijafungua mdomo. Juu yake naongeza saa za kuhakiki, kwa kawaida sehemu moja ya kumi, maana nitarudia kuingiza fomu moja katika kila kumi. Bei naitaja kwa fomu, lakini naandika fomu yenyewe ikoje: ina sehemu 14, na mwandiko ni kama wa sampuli. Ikija ya sehemu 20, tunazungumza upya.

Kusafisha jedwali ni habari nyingine, na hapo kuhesabu mistari kutakudanganya. Mistari 10,000 yenye nafasi za ziada kwenye majina inamalizwa na fomula moja. Ila kolamu ya idara iliyotakiwa kuwa na majina 12, ukaifanyia pivoti kuona majina tofauti yaliyomo ukakuta 87, hiyo ina maamuzi 75 ya kufanya, kila jina la ziada liingie idara ipi, na mengine utalazimika kumuuliza mteja. Bei yangu naikadiria kwa maamuzi hayo.

Sasa kuhakiki. Kupitia kwa macho mimi sikuamini, kwa sababu jicho linasoma kile linachotarajia. Naingiza upya kila fomu ya kumi kwenye karatasi nyingine ya faili niliyoiita Pili, bila kutazama nilichoingiza mara ya kwanza. Fomu 120 zenye sehemu 14 ni seli 1,680. Fomu hizo hizo 120, kama nilivyoziingiza mara ya kwanza, nazinakili kwenye karatasi niliyoiita Kwanza kwa mpangilio ule ule, kisha nalinganisha seli kwa seli:

```
=IF(EXACT(Kwanza!B2,Pili!B2),0,1)
```

Nikijumlisha napata idadi ya tofauti. Tuseme ni tisa. Kila moja nairudia kwenye fomu yenyewe, maana huenda nimekosea mara ya pili na si ya kwanza. Zikibaki sita ambazo kweli ni makosa ya mwanzo, hiyo ni kama asilimia 0.36, na kwenye seli zote 16,800 natarajia makosa yapatayo 60. Hata hivyo sikimbilii kurudia kazi nzima. Naangalia yamekaa wapi. Nne kati ya sita zikiwa kwenye kolamu ya namba za simu, tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, basi hiyo kolamu naipitia yote 1,200, na nyingine naziacha.

Kuna kosa ambalo njia hii hailikamati: lile linalofanywa na mashine, kwa sababu mashine italifanya mara zote mbili. Sifuri ya mwanzo ya namba ya simu inamezwa kama kolamu haikuwekwa kuwa maandishi kabla ya kuanza. Tarehe ni mbaya zaidi. Kompyuta iliyopangwa kutanguliza mwezi itasoma 03/04 kuwa Machi 4 kimya kimya, wakati fomu ilimaanisha Aprili 3. Inakwama tu siku inapozidi 12, na hapo tarehe inabaki maandishi, imeegemea kushoto mwa seli. Ndiyo maana kabla ya kazi naandika 25/04 kwenye seli tupu. Ikiegemea kushoto, nabadilisha mpangilio kwanza. Mwishoni, kama kila fomu ina tarehe inayosomeka, naandika:

```
=COUNT(D2:D1201)
```

Jibu lisipokuwa 1200, kuna tarehe ambazo bado ni maandishi, na zile zilizokubaliwa nazo nazitilia shaka.

Faili nalikabidhi na karatasi ndogo ya ziada: namba za fomu zisizosomeka, na ni sehemu gani haisomeki. Seli zake naziacha wazi. Mara ya kwanza niliwahi kubahatisha jina moja, na mteja alimjua mwenye jina.